Maji ya Uvuguvugu Yasitibiwe kwa Kuongeza Moto wa Hita

Katika wodi zetu hakuna lalamiko linalosikilizwa kwa uvivu kama lile la bomba la maji moto linalotoa maji ya uvuguvugu. Muuguzi husema, fundi huitikia, siku hupita. Hatimaye mtu hupanda kwenye hita, huongeza joto lake kidogo, na shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Maoni yangu, ambayo nitayatetea kwa kisa nilichokishuhudia, ni kwamba uvuguvugu katika beseni moja ni dalili inayohitaji uchunguzi kama dalili nyingine yoyote wodini, na kwamba tiba hii ya kuongeza moto haigusi ugonjwa wenyewe, bali huwadhuru wasiohusika.

Kisa kilitokea katika hospitali moja ya pwani, ambako nilikuwa mjumbe wa kamati ya kuzuia maambukizi. Wodi yenyewe ina mabeseni matatu ya kunawia. La kwanza liko karibu na meza ya wauguzi, la pili ndani ya chumba cha kufungia vidonda, na la tatu mlangoni. Yote hupata maji moto kutoka katika hita moja ya lita 200 iliyowekwa kwenye nyuzi joto 60 za Selsiasi, na kila moja lina bomba la kuchanganyia lenye mkono mmoja: ukiusukuma kushoto yanatoka maji moto, kulia maji baridi, na katikati mchanganyiko wa yote mawili. Mabeseni mawili yalikuwa sawasawa. La chumba cha vidonda lilikataa. Hata mkono ukisukumwa kushoto hadi mwisho na maji yakaachwa yatiririke dakika nzima, yalibaki ya uvuguvugu.

Fundi wa zamu alianza pale ambapo wengi wetu tungeanza, yaani kwenye bomba lenyewe. Alibadilisha kwanza sehemu ya ndani inayochanganya maji, kisha akabadilisha bomba zima. Maji hayakubadilika. Ndipo akapandisha hita kutoka nyuzi 60 hadi 70, na wote tukaona ni hatua ya busara. Siku ya tatu baada ya hapo, jamaa wa mgonjwa mmoja alikwenda kusuuza kikombe kwenye beseni la mlangoni. Aliungua mgongo wa mkono wa kulia, ngozi ikatoka malengelenge. Bomba lililomuunguza halikuwahi kulalamikiwa na mtu yeyote.

Jambo hilo lilinifanya nichukue kipimajoto na kupima, kazi ambayo ilipaswa kufanywa tangu siku ya kwanza. Kabla hita haijapandishwa, muuguzi mkuu wa wodi alikuwa amekwisha kuandika vipimo vyake katika daftari: mabeseni mawili nyuzi 58, la chumba cha vidonda nyuzi 37, na maji baridi ya wodi nyuzi 28, kama yalivyo maji ya tangi la juu ya paa katika joto la pwani. Baada ya hita kupandishwa, mabeseni mawili yalifika nyuzi 68. Lile la chumba cha vidonda lilifika 40 tu.

Namba hizi chache zinasema mengi, na hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kama maji moto yanayofika ni ya nyuzi 58 na baridi ni ya 28, pengo kati yao ni nyuzi 30. Maji yaliyotoka bombani yalikuwa ya nyuzi 37, yaani yamepungua nyuzi 21 kutoka kwenye yale ya moto. Ishirini na moja katika thelathini ni sehemu saba katika kumi. Kwa hiyo katika kila lita kumi zilizotoka upande wa moto wa bomba lile, lita saba zilikuwa za maji baridi. Na kwa kuwa sehemu tatu tu ndizo zilizotoka kwenye hita, kuipandisha hita nyuzi kumi kuliliongezea beseni lile nyuzi tatu, ilhali majirani wake walizipata zote kumi. Kwa nyuzi 60 ngozi ya mtu mzima huungua vibaya ndani ya sekunde chache. Kwa nyuzi 68 muda huo hauzidi sana sekunde moja, na mtu hawezi kuuvuta mkono kwa wakati. Mtoto huungua upesi zaidi. Tulimpa dozi mgonjwa mmoja, na madhara yakawapata wawili waliokuwa wazima.

Swali lililobaki lilikuwa moja: zile lita saba za maji baridi ziliingiaje katika bomba la moto? Jibu lilitolewa na fundi mkongwe aliyeitwa kutoka karakana, kwa namna ambayo ningependa kila msimamizi wa wodi aijue.

Alizima kwanza umeme wa hita. Kisha akafunga koki ya bomba linalotoka kwenye hita kwenda wodini, hata maji moto yasipate njia yoyote ya kuja. Akarudi kwenye beseni la chumba cha vidonda, akasukuma mkono kushoto hadi mwisho. Kwa haki, maji yangepaswa kuchuruzika kidogo kisha yakatike. Hayakukatika. Yaliendelea kutoka, na yalikuwa baridi kabisa.

“Haya, Daktari,” akaniambia, “hita nimeifunga. Haya maji yanatoka wapi?”

Akainama chini ya beseni na kufunga koki ndogo ya maji baridi ya bomba lilelile. Maji yakaendelea kutoka vilevile. Basi ikajulikana kwamba kosa halimo katika bomba lile, ambalo tulikuwa tumelibadilisha bure. Maji baridi yaliingia katika mfereji wa moto mahali pengine, na beseni hili lilikuwa tu mahali yanapotokea. Sisi matabibu tunalijua jambo hili kwa jina jingine: mgonjwa hulalamika maumivu ya bega, na ini au kibofu cha nyongo ndicho chenye shida.

Nyuma ya ukuta wa chumba kile kuna chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa. Humo mna bomba la kuchanganyia lenye mpira wa kunyunyizia, na mwisho wa mpira kuna kifyatulio: ukikibana maji yanatoka, ukikiachia yanakatika. Kwa sababu kifyatulio ni chepesi kutumia, wahudumu walizoea kuliacha bomba lenyewe wazi mchana kutwa, mkono ukiwa katikati, na kukata maji kwa kifyatulio tu. Fundi akafunga koki ya maji baridi ya bomba hilo. Kwenye beseni la upande wa pili maji yakakatika mara moja. Alipofungua tena koki ya hita na kurudisha umeme, maji ya nyuzi 58 yakafika kwenye beseni lililokuwa limekataa kwa wiki kadhaa.

Ili kuelewa kilichotokea, msomaji afikirie bomba la kuchanganyia kama chumba kidogo chenye milango miwili ya kuingilia, mmoja wa maji moto na mwingine wa maji baridi, na mlango mmoja wa kutokea. Likifungwa kwa mkono wake wenyewe, milango yote miwili ya kuingilia hufungwa, na maji ya pande mbili hayakutani. Lakini likiachwa wazi na maji yakazuiwa mbele yake, kwenye kifyatulio, milango ya kuingilia hubaki wazi huku wa kutokea umefungwa. Hapo mfereji wa moto na mfereji wa baridi huwa umeunganishwa kuwa mmoja. Maji hufuata mkondo: popote shinikizo litakapopungua upande mmoja, maji ya upande wa pili yatavuka.

Kwa ajili hiyo bomba la namna hii huwekewa vali mbili za njia moja, kila moja kwenye mlango wake wa kuingilia. Vali hiyo ni kitu kidogo, kama kifundo cha kidole. Ndani yake mna kizibo cha plastiki kinachosukumwa na springi nyepesi. Maji yakija mbele hukifungua. Yakitaka kurudi nyuma hukikandamiza kwenye kiti chake, na njia hufungika. Msomaji anayezijua vali za moyo na za vena haihitaji maelezo zaidi, maana kazi ni ileile, na kuharibika kwake ni kulekule: kizibo kisipokaa vizuri kwenye kiti, kilichopaswa kwenda mbele hurudi nyuma. Vali ya upande wa moto ilipofunguliwa mbele yetu, kwenye kiti chake kulikuwa na ukoko wa chokaa, na juu ya ukoko huo kipande cha ile tepu nyeupe ambayo mafundi huizungushia kwenye nyuzi za maungio. Kipande chenyewe hakikuzidi upana wa ukucha. Kilikuwa kimebaki ndani ya mabomba tangu matengenezo ya zamani, kikasafiri na maji hadi kikanasa hapo, na kizibo hakikuweza kufunga tena.

Mtu atauliza kwa nini beseni moja tu ndilo lililodhurika. Sababu ni umbali. Beseni la chumba cha vidonda na bomba la chumba cha vyombo hupata maji moto kutoka kwenye tawi moja jembamba. Mtu alipofungua maji moto kwenye beseni, shinikizo katika tawi lile lilishuka, na maji yaliyoweza kuliziba pengo hilo yalikuwa ya aina mbili: yale ya hita, yaliyopaswa kupita njia ndefu yenye kona nyingi, na yale baridi ya nyuma ya ukuta, yaliyopaswa kupita vali mbovu na kipande kifupi cha bomba. Ya karibu yalishinda. Mabeseni mengine mawili yako kwenye bomba kubwa karibu na hita, na ili kuyafikia maji baridi yalipaswa kurudi tawi zima. Hata hivyo hayakusalimika kabisa. Baada ya matengenezo, hita ikiwa imerudishwa kwenye nyuzi 60, yote mawili yalipanda nyuzi moja, kutoka 58 hadi 59. Hakuna aliyekuwa ameona upungufu huo.

Sasa nikabili hoja ambayo wenzangu wamenipa, na ambayo si dhaifu. Wanasema kwamba kunawa mikono hakuhitaji maji moto. Vijidudu huondolewa na sabuni, msuguano na maji yanayotiririka, na maji baridi yanatosha. Tena, maji ya nyuzi 37 yanapendeza mkononi kuliko yale ya 58. Kwa nini basi tusumbuke na bomba ambalo, kwa bahati, limetupatia maji mazuri?

Nakubali sehemu ya kwanza yote. Lakini swali hapa linahusu maji yaliyomo ndani ya bomba nyuma ya ukuta, na huko uvuguvugu una maana nyingine. Bakteria aina ya Lejionela huishi katika maji ya kawaida kwa idadi ndogo isiyodhuru. Huzaliana kati ya nyuzi 20 na 45, hustawi zaidi karibu na joto la mwili wa binadamu, na kwenye nyuzi 60 hufa. Walijulikana baada ya mwaka 1976, wakati wanajeshi wastaafu waliokusanyika katika hoteli moja mjini Filadelfia, Marekani, walipopatwa na homa kali ya mapafu na zaidi ya 25 wakafariki. Inaaminika kwamba huko maambukizi yalisambazwa na mfumo wa kupoza hewa. Lakini tangu hapo imethibitika mara nyingi kwamba mabomba ya maji moto ya hospitali ni makazi yao pia. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono. Mtu huupata kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, na wanaoumia zaidi ni wazee, wavutaji wa tumbaku, wenye maradhi ya mapafu na wenye kinga dhaifu, yaani watu walewale wanaolazwa wodini. Nalo bomba letu bovu liliishia kwenye mpira wa kunyunyizia, ambao kazi yake ni kutengeneza matone.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo la ziada. Katika nchi za baridi, mfumo wa maji una kinga mbili za joto: maji baridi huwekwa chini ya nyuzi 20, na maji moto hutunzwa kwenye nyuzi 60 ili yafike bombani yakiwa zaidi ya 50. Maji yetu baridi hutoka tangini yakiwa na nyuzi 28. Kinga ya kwanza hatuna, na upande huo tunategemea klorini na mzunguko wa maji usiolala. Upande wa moto, ambako klorini hupotea upesi kwa sababu ya joto, kinga tuliyobakiwa nayo ni joto lenyewe. Vali moja ikinasa, tawi zima hushuka hadi nyuzi 37, na kinga hiyo ya mwisho huondoka pasipo mtu kujua. Sidai kwamba kila bomba la uvuguvugu limemuua mtu. Nadai kwamba tawi la maji la nyuzi 37 katika wodi ni kitu ambacho kamati ya kuzuia maambukizi inapaswa kukijua siku ileile kinapotokea.

Uvuguvugu una mahali pake, napo ni mdomoni mwa bomba, maji moto na baridi yakutanapo dakika ya mwisho kabla ya kumgusa mtu. Kwa wodi za watoto na wazee, ambako hata nyuzi 58 ni hatari, mahali hapo huwekwa vali ya kuchanganya inayojirekebisha, ambayo huhakikisha beseni halitoi maji yanayozidi takriban nyuzi 41. Lakini ikumbukwe kwamba vali hiyo ya usalama nayo ni chumba cha milango miwili kilicho wazi siku zote. Nayo inategemea vali zilezile ndogo za njia moja. Tukizinunua vali hizo za usalama bila kuzikagua za njia moja zilizomo ndani yake, tutakuwa tumeongeza idadi ya mahali ambapo maji yanaweza kuvuka.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji zabuni.

La kwanza, malalamiko ya maji yaandikwe kwa namba. Maneno “bomba bovu” katika daftari la matengenezo hayamsaidii fundi. Muuguzi aandike joto la upande wa moto baada ya dakika moja ya kutiririsha, katika beseni linalolalamikiwa na katika jirani zake wawili, pamoja na joto la maji baridi. Kazi yote haizidi dakika tano. Muuguzi wetu mkuu alifanya hivyo bila kuagizwa, na bila namba zake tusingekuwa na la kulinganisha.

La pili, iwe mwiko kupandisha hita kwa sababu ya beseni moja. Ikiwa mabeseni yote yamepoa, hita ichunguzwe. Ikiwa limepoa moja, koki ya maji moto ifungwe na mkono wa bomba usukumwe upande wa moto. Maji yakikatika, tatizo ni njia ya maji moto kuziba au kitu kingine kama hicho. Yakiendelea kutoka baridi, kuna mahali yanapovuka. Hapo zifungwe koki za maji baridi za mabomba ya kuchanganyia ya jirani, moja baada ya nyingine, mtu mmoja akisimama kwenye beseni, hadi maji yakatike. Sisi tulitumia chini ya saa moja kulipata kosa tulilolikosa kwa wiki kadhaa.

La tatu, vifyatulio vya mwisho wa mpira viondolewe, au wahudumu wafundishwe kulifunga bomba lenyewe kila wamalizapo. Maana yapo makosa mawili yaliyokutana katika kisa chetu: vali iliyonasa na bomba lililoachwa wazi. Moja peke yake lisingeleta lolote. Na vali za mabomba hayo zikaguliwe mara moja kwa mwaka. Ikipatikana moja mbovu, zibadilishwe zote mbili, kwa kuwa zimekunywa maji yaleyale kwa miaka ileile. Fundi aangalie mshale uliochorwa ubavuni mwa vali, kwani ikiwekwa kinyume haitapitisha maji kabisa. Kisha tawi lote litiririshwe maji moto kamili kwa dakika kadhaa, watu wakiwa mbali na mabeseni, ili kuyatoa maji yaliyolala humo.

Msimamizi mmoja aliniambia kwamba wauguzi wana kazi nyingi mno, wasiongezewe upimaji wa mabomba. Ninauheshimu uchovu wao. Lakini muuguzi ndiye aliyekuwa amelalamika kwa wiki kadhaa, na muuguzi ndiye aliyekifunga kidonda cha mkono ulioungua. Kazi hiyo alikuwa nayo tayari; tulichomnyima ni njia ya kuifanya ilete jibu.

Vali mbili mpya zimewekwa katika chumba cha vyombo, na kifyatulio kimeondolewa. Kwenye mlango wa kabati la hita fundi mkongwe amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: “Nyuzi 60. Kabla hujaongeza, funga koki, kisha fungua bomba uone.” Nashauri karatasi hiyo inakiliwe na kubandikwa kwenye kila hita ya hospitali zetu.